Ankara inayojiita PDF

Windows ina mpangilio mmoja ambao hakuna mtu ofisini aliyewahi kuuchagua: inaficha herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina la faili. Herufi hizo ndizo kiendelezi, na ndizo zinazoiambia kompyuta faili lifunguliwe na nini. Ukiona `.docx`, Word inaitwa. Ukiona `.pdf`, kisomaji cha PDF kinaitwa. Ukiona `.exe`, hakuna programu inayoitwa, kwa sababu faili lenyewe ni programu na litaanza kazi papo hapo. Tangu Windows 95 Microsoft iliona kwamba mtumiaji wa kawaida hahitaji kusumbuliwa na herufi hizo, kwa hiyo kompyuta mpya inayotoka dukani leo hapa Lubumbashi inakuja hazionekani.

Sasa chukua faili linaloitwa `Facture_Transit_0417.pdf.exe`. Windows inaangalia nukta ya mwisho tu, inakuta `exe`, inaificha kwa sababu ni aina inayoijua, na kwenye skrini inabaki `Facture_Transit_0417.pdf`. Hiyo `.pdf` iliyobaki ni sehemu ya jina tu. Aliyelituma angeweza kuandika `.mwembe` mahali pale na kompyuta isingejali. Lakini mhasibu anajali, maana macho yake yamezoea kwamba kinachoishia na pdf ni karatasi.

Mbinu hii ni ya zamani. Mwezi Mei 2000 barua pepe zenye kichwa "ILOVEYOU" zilizunguka dunia nzima kwa muda wa saa chache, zikiwa na kiambatisho kilichoitwa `LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs`. Watu waliona TXT, wakadhani ni maandishi matupu, wakabofya. Kumbe ilikuwa skripti, ikajituma kwa kila mtu aliyekuwa kwenye orodha yao ya anwani. Robo karne imepita na mpangilio ule ule bado unakuja umewashwa. Kwangu mimi hilo ni kosa la waliotengeneza, si la wanaobofya, na nitalisema kila nitakapopewa nafasi.

Mimi natunza kompyuta za ofisi ndogondogo hapa mjini. Nyingi ni za watu wa forodha na usafirishaji, wale ambao siku yao yote inategemea malori yaliyokwama au yaliyopita mpaka wa Kasumbalesa. Ukitaka kujua kwa nini ankara ndiyo chambo kinachopendwa, kaa nusu siku kwenye ofisi ya namna hiyo. Ankara ya msafirishaji inakuja kwa Kifaransa, ya muuzaji wa Ndola au Johannesburg kwa Kiingereza, nyingine ni picha ya karatasi iliyopigwa muhuri, nyingine ni jedwali la Excel lenye uzito wa kila lori. Anwani zinazotuma zinabadilika: leo ni ya kampuni, kesho ni ya Gmail ya dereva mkuu, keshokutwa ni ya karani mpya asiyejulikana. Na kila ankara ina haraka yake, maana lori likilala mpakani gharama inapanda. Ule ushauri wa "usifungue barua ya mtu usiyemjua" hapa hauna kazi. Mhasibu akiufuata, ofisi inafungwa kabla ya mwisho wa wiki.

Basi siku moja mhasibu wa ofisi mojawapo, mama mmoja mwenye jicho kali la hesabu, alinipigia simu. "Papa, kuko fakitire ya transpoti imefungwa na pasiwedi, na pasiwedi yenyewe iko ndani ya barua ile ile. Sasa wamefungia nani?"

Swali lake lilikuwa na akili kuliko maelezo mengi niliyowahi kusoma. Pasiwedi iliyoandikwa ndani ya barua ile ile haimzuii msomaji wa barua hiyo. Inamzuia mtu mwingine: kikaguzi cha virusi kilichoko kwenye seva ya barua pepe. Kikaguzi hicho kinafungua kila kiambatisho na kuangalia kilichomo, lakini kwa kawaida hakisomi sentensi inayosema "msimbo ni 2024" ili kufungulia faili la `.zip` lililofungwa. Faili linapita bila kukaguliwa, linamfikia binadamu, na binadamu anatumia ufunguo aliopewa. Huduma nyingi za barua pepe hukataa `.exe` iliyotumwa wazi, ndiyo maana wadanganyifu huifungia ndani ya mfuko namna hiyo. Msafirishaji wa kweli hana sababu ya kufungia ankara ya mafuta na ushuru wa barabara.

Nilimwomba asibofye chochote mpaka nifike. Alikuwa amekwisha kufungua mfuko kwa 7-Zip na kulitoa faili likakaa kwenye dawati la kompyuta. Lilikuwa na alama nyekundu ya PDF, safi kabisa, na jina lake lilikuwa lile nililoliandika juu. Watu wengi hawajui kwamba faili la `.exe` hubeba alama yake yenyewe ndani. Aliyelitengeneza huchagua picha yoyote anayotaka, na Windows inaionyesha bila kuuliza. Kwa hiyo vitu viwili ambavyo jicho hutegemea, jina na picha, vyote viwili vimeandikwa na mtumaji. Ukivitegemea unamuuliza mwizi kama yeye ni mwizi.

Kitu ambacho mtumaji hawezi kukipaka rangi ni kile ambacho Windows yenyewe inakisema juu ya faili. Tulifungua folda, nikaweka mwonekano wa orodha yenye safu, ule unaoitwa Détails kwenye kompyuta za Kifaransa. Safu ya Type ilikuwa imeandika neno moja mbele ya ile ankara: `Application`. Ankara iliyokuwa juu yake, ya wiki iliyotangulia na ya kweli, ilikuwa na maneno yanayotaja PDF. Mama aliangalia, akacheka kwa uchungu. "Ni apilikasio inajifanya karatasi."

Hatua hiyo ya kuangalia safu ya Type naipenda kuliko zote, kwa sababu inafanya kazi hata pale ambapo kuonyesha viendelezi peke yake hakutoshi. Kuna hila tatu ambazo ni vizuri kuzijua. Ya kwanza ni nafasi tupu: jina linaandikwa `Facture.pdf`, halafu nafasi tupu nyingi mno, halafu `.exe` iko mbali kiasi kwamba dirisha linaikata. Ya pili ni alama moja isiyoonekana ya Unicode, U+202E, iliyowekwa kwa ajili ya lugha zinazoandikwa kutoka kulia kama Kiarabu. Mtu akiandika `Facture_`, akaweka alama hiyo, kisha akaandika `fdp.exe`, skrini inageuza mwisho wote na wewe unasoma `Facture_exe.pdf`. Viendelezi vimewashwa, unaona pdf mwishoni, na bado ni programu. Ya tatu ni njia ya mkato, faili la `.lnk`. Hilo Windows haionyeshi kiendelezi chake hata ukiwa umewasha mpangilio wa kuonyesha vyote. Lakini katika hali zote tatu safu ya Type haidanganyiki: inasema `Application` kwa mbili za kwanza, na `Raccourci` kwa ya tatu. Ankara haiwezi kuwa Application wala Raccourci. Wala haiwezi kuwa skripti ya JavaScript, wala kilinda-skrini, yaani `.scr`, ambacho kwa kweli ni programu kama `.exe` iliyobadilishwa jina.

Bado nawasha viendelezi kwenye kila kompyuta inayopita mikononi mwangu, kwa sababu mbinu ya kawaida ndiyo inayokuja mara nyingi kuliko hizo za ujanja. Kwenye Windows 10 unafungua folda yoyote, unaingia Affichage juu, unatia tiki kwenye `Extensions de noms de fichiers`. Kwenye Windows 11 maneno ni yale yale, ila yamejificha ngazi moja chini ndani ya menyu ya mwonekano. Mwenye kompyuta nyingi anaweza kuandika amri hii kwenye dirisha la `cmd`, kisha mtumiaji atoke na kuingia upya:

```
reg add HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\Advanced /v HideFileExt /t REG_DWORD /d 0 /f
```

Inafanya kazi kwa mtumiaji yule tu aliyeingia wakati huo. Kama kompyuta moja inatumiwa na watu watatu wenye akaunti zao, kila mmoja anahitaji amri yake. Jambo hilo husahauliwa, halafu watu wanashangaa kwamba kwa katibu viendelezi vinaonekana na kwa bosi havionekani.

Tulilifuta lile faili. Siku chache baadaye ikaja barua nyingine, mtumaji akijiita jina lile lile la msafirishaji, na safari hii hakukuwa na mfuko wala pasiwedi. Kiambatisho kilikuwa `Facture_Transit_0417.xlsm`. Hapa hakuna kiendelezi cha uongo. Ni faili la Excel kweli, na safu ya Type ingekubali. Mtego uko kwenye herufi moja, ile m ya mwisho.

Tangu Office 2007 Microsoft ilitenganisha mafaili yake kwa namna ambayo ingesaidia sana kama watu wangeambiwa. `.docx` na `.xlsx` hayawezi kubeba makro. `.docm` na `.xlsm` yanaweza. Makro ni programu ndogo iliyoandikwa ndani ya hati yenyewe, kwa lugha ya VBA. Watu wa hesabu huitumia kwa halali kabisa: kubonyeza kitufe na jedwali zima la mishahara likajipanga. Shida ni kwamba VBA haina mipaka ya jedwali. Inaweza kuita PowerShell, programu ya amri iliyomo ndani ya Windows, kushusha faili kutoka mtandaoni na kuliendesha, yote kwa haki zile zile alizo nazo aliyefungua hati. Na inaweza kuwekwa ianze yenyewe pindi hati inapofunguliwa, kupitia jina maalumu kama `Workbook_Open` kwenye Excel au `Document_Open` kwenye Word. Mbinu ya makro ilionekana kwenye Word tangu 1995, na mwezi Machi 1999 virusi vya Melissa vilitumia njia hiyo kujituma kwa anwani hamsini za kwanza za kila aliyeambukizwa.

Yale ya zamani, `.doc` na `.xls` bila herufi ya nne, hayana utofautisho huo. Yanaweza kuwa na makro au yasiwe nayo, na jina halikuambii. Kwa hiyo mtu akinitumia `.xls` leo, naihesabu kama yenye makro mpaka nihakikishe vinginevyo. Hapa kwetu zinakuja nyingi bado, kwa sababu kuna ofisi zinazotumia kiolezo kilichotengenezwa kabla ya baadhi ya makarani wao kuanza shule.

Ukifungua hati iliyoshuka kutoka mtandaoni, Office inaweka vizuizi viwili, na ni muhimu kuvitofautisha kwa sababu wadanganyifu wanaishi katikati yake. Cha kwanza ni ukanda wa njano unaosema `MODE PROTÉGÉ`, wenye kitufe `Activer la modification`. Katika hali hiyo hati inasomeka lakini haiwezi kufanya chochote: makro zimelala. Ukibonyeza kitufe hicho, kwenye Office isiyopata masasisho mapya kinaweza kuja cha pili, ukanda mwingine wa njano wenye kitufe `Activer le contenu`. Hicho ndicho kinachoziamsha makro. Kusoma ankara hakuhitaji hata kimoja. Namba, tarehe, jina la kampuni, jumla ya malipo, vyote vinaonekana ukiwa bado ndani ya Mode protégé.

Mwandishi wa ule mtego anajua hivyo, ndiyo maana ankara yake haina namba. Jedwali la mama yule lilipofunguliwa, likiwa bado limelindwa, lilionyesha picha moja kubwa: nembo inayofanana na ya Office, karatasi iliyofifia kwa nyuma kana kwamba ankara iko pale ila imefunikwa, na maelezo ya Kifaransa kwamba hati hii imeandaliwa kwa toleo jipya zaidi, kwa hiyo bonyeza Activer la modification, kisha Activer le contenu ili kuiona. Mshale mwekundu ulielekeza juu, mahali pale pale vitufe vilipo. Kundi la Emotet, lililoanza 2014 na kuvunjwa na polisi wa nchi kadhaa mwezi Januari 2021 kabla ya kurudi tena Novemba mwaka huo, lilituma picha za aina hiyo kwa wingi wa kutisha. Hakuna hati ya kweli ya Office inayohitaji makro ili ionekane. Hati yoyote inayokuomba uzime ulinzi ili uisome imekwisha kukiri yenyewe.

Kama unataka kuona kilichomo bila kuifungua, kuna njia nyepesi. Mafaili yote ya Office yenye x au m mwishoni kwa ndani ni mifuko ya zip. Windows 10 iliyosasishwa tangu 2018 na Windows 11 zinakuja na programu ya `tar` inayoweza kuorodhesha yaliyomo bila kuendesha kitu:

```
tar -tf Facture_Transit_0417.xlsm
```

Kwenye orodha inayotoka, tafuta mstari huu:

```
xl/vbaProject.bin
```

Hilo ndilo faili la makro. Kwa Word linakaa kwenye `word/vbaProject.bin`. Likiwepo, hati ina makro, na swali linakuwa: ankara ina makro ya nini? Kwa `.xls` na `.doc` za zamani amri hii haisaidii, maana zimejengwa kwa namna nyingine kabisa. Hizo nazikagua na zana ya bure iitwayo `olevba`, lakini hiyo ni kazi ya fundi, si ya mhasibu saa kumi na moja jioni.

Na sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii, kwa sababu ndilo linalotuangusha sisi wa huku kuliko wengine, na halizungumzwi.

Ule ulinzi wote, ukanda wa njano wa Mode protégé, dirisha la bluu linalosema `Windows a protégé votre ordinateur` unapojaribu kuendesha programu ngeni, unategemea alama ndogo moja. Kivinjari au programu ya barua pepe inaposhusha faili, inalibandikia maelezo ya pembeni yanayosema limetoka mtandaoni. Hayaonekani kwenye folda, lakini ukiandika `dir /r` ndani ya `cmd` utaona mstari wa pili chini ya jina la faili, wenye `Zone.Identifier`. Ndani yake kumeandikwa maneno machache tu:

```
[ZoneTransfer]
ZoneId=3
```

Tatu maana yake ni intaneti. Mwezi Februari 2022 Microsoft ilitangaza kwamba faili la Office lenye alama hiyo makro zake zitafungwa kabisa, bila kitufe cha kuziwasha, ila ukanda mwekundu tu. Walianza kulitekeleza, wakasita mwezi Julai, wakaendelea tena mwezi huo huo. Ulikuwa uamuzi mzuri sana, labda mzuri kuliko yote waliyofanya upande huu, na wadanganyifu wengi waliacha makro baada ya hapo na kuhamia kwenye mifuko, njia za mkato na picha za diski za `.iso`.

Lakini alama ile inakaa pembeni ya faili kwa sababu diski ya kompyuta imepangwa kwa mfumo wa NTFS, ambao unaruhusu maelezo ya pembeni. Flashi nyingi zinazouzwa mjini zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haina mahali pa kuyaweka. Ukinakili faili kwenda kwenye flashi, alama inabaki nyuma. Ukiinakili kutoka flashi kwenda kompyuta nyingine, faili linafika kama kitu kilichozaliwa humo humo ofisini. Hakuna Mode protégé. Hakuna ukanda mwekundu. Ikiwa ni `.exe`, hakuna dirisha la bluu. Kinachobaki ni ule ukanda wa njano wa mwisho wenye `Activer le contenu`, na picha yenye mshale inayokuomba uubonyeze.

Fikiria sasa namna tunavyofanya kazi. Umeme umekatika, mtandao wa ofisi umekufa, karani anachukua flashi na kwenda saiba ya karibu kushusha ankara za siku, anarudi nazo, anaziweka kwenye kompyuta ya mhasibu inayoendeshwa na jenereta. Au kompyuta moja tu ndiyo yenye intaneti kwa sababu megabaiti ni ghali, na mafaili yanatembea kwa flashi kutoka meza hadi meza. Kila safari ya namna hiyo inaosha alama. Ulinzi uliojengwa kwa jasho huko Redmond, makao ya Microsoft, unaishia kwenye flashi ya dola tano. Na ofisi ikiwa na Office 2010, ambayo haijapata masasisho tangu Oktoba 2020, ule ukanda mwekundu haukuwahi kufika hata kwa faili lililoshuka moja kwa moja.

7-Zip nayo ina tabia hiyo hiyo. Ukiutoa mfuko kwa kutumia zana ya Windows yenyewe, alama ya mfuko inahamia kwenye yaliyomo. 7-Zip kwa miaka mingi haikuihamisha, na ilipopata uwezo huo mwaka 2022, katika toleo la 22.00, mpangilio ulikuja ukiwa umezimwa. Ndiyo maana ile `.exe` ya mama ilikuwa imekaa kwenye dawati bila doa. Angeibofya, Windows isingesema neno. Ukiwa na 7-Zip, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta mstari unaotaja `Zone.Id`, uuweke kwenye ndiyo kwa mafaili yote.

Kwa zile ofisi zinazotegemea flashi, nimewapa utaratibu tofauti kidogo. Kiambatisho chochote kinatazamwa kwanza mahali kiliposhukia, yaani kwenye hakikisho la Gmail ndani ya kivinjari, au kwenye simu. Hakikisho hilo linaonyesha picha ya kurasa bila kuendesha makro, na Word na Excel za simu haziendeshi VBA kabisa. Ankara ya kweli itasomeka hapo na mara nyingi kazi inaishia hapo hapo: unaona jumla, unaandika kwenye daftari la malipo. Ukikuta picha yenye mshale, umekwisha kujua. Kinachotakiwa kuhifadhiwa ofisini kinachapishwa kuwa PDF pale pale kwenye saiba, na ile PDF ndiyo inayopanda flashi. Jedwali lenye m halipandi. Kuna bosi mmoja aliniambia huo ni usumbufu. Ni kweli, ni usumbufu.

Usipakie ankara kwenye tovuti za kukagua virusi kama VirusTotal bila kufikiri. Zinasaidia, lakini faili unalopakia linaweza kusomwa na wateja wengine wa huduma hiyo, na ankara ya kweli ina majina, bei na akaunti za benki za watu. Kama ni `.exe` iliyojifanya ankara, pakia tu, haina siri ya mtu. Kumbuka pia kwamba "hakuna kilichogundulika" kwa faili lililotengenezwa asubuhi hii haimaanishi kitu.

Na kuna mambo ambayo utaratibu huu haushiki. `.docx` isiyo na makro inaweza kuvuta kiolezo chenye makro kutoka mtandaoni. Mwaka 2022 kulikuwa na udhaifu uliopewa jina Follina, CVE-2022-30190, ambapo hati ya Word bila makro hata moja iliweza kuendesha amri. Dawa ya hayo ni masasisho, na masasisho yanakula megabaiti, na tunarudi kule kule. Halafu kuna PDF ya kweli kabisa, yenye namba za akaunti zilizobadilishwa. Hiyo kompyuta haiwezi kuijua kamwe.

Kwa hiyo jambo la mwisho tulilofanya na mama siku ile lilikuwa simu. Si kwa namba iliyoandikwa chini ya barua, maana hiyo naye mdanganyifu anaiandika, bali kwa namba iliyoko kwenye mkataba wa zamani ndani ya faili la karatasi. Karani wa msafirishaji aliitika, akasikiliza, akauliza namba ya ankara. "0417? Mama, sisi hatuyafika hata mia tatu mwaka huu. Na zetu tunaleta kwa mukono, na kashe juu."